Mayai yanavunjika safarini: angalia kwanza yamevunjikia wapi kwenye trei

Mzigo wa mayai ukifika umevunjika, lawama humwendea dereva moja kwa moja. Mara nyingi kosa lilifanyika kabla gari halijawashwa, na ushahidi wake umo ndani ya trei zenyewe. Kwa hiyo mpokeaji asianze kuokota mayai yaliyopona. Afungue fungu taratibu, trei moja baada ya nyingine, na kila trei aipige picha ikiwa bado ipo mahali pake. Aandike ni trei ya ngapi kutoka chini, mayai yamevunjika upande gani, na ufa uko wa namna gani. Ukipata hayo matatu umeshajua pa kuanzia.

Mwongozo huu unahusu safari ambayo wauza mayai wengi wa Tanzania wanaijua: basi kwa sehemu ya kwanza, kisha bodaboda kwenye barabara ya vumbi hadi kijijini. Mfano wetu ni mayai ya kuku wa kisasa yanayotoka Morogoro kwa basi hadi Ifakara, halafu yanavushwa mto Kilombero kwa pikipiki hadi Lupiro. Mzigo ni trei 12, yaani mayai 360. Yai la kawaida lina gramu 60 hivi, kwa hiyo ukijumlisha na trei unapata kilo 22 au 23. Mzigo huo ufungwe mafungu mawili ya trei sita sita. Fungu moja litakuwa na kilo 11 hivi, uzito ambao mtu mmoja anaubeba kwa mikono miwili bila kuuburuta wala kuutupa.

Kanuni iliyo nyuma ya kila kinachofuata ni kwamba yai halipaswi kubeba uzito wa yai jingine. Kinachobeba ni nguzo za trei, vile vinundu vilivyosimama katikati ya vishimo. Nguzo zikiwa imara, trei ya juu inakaa juu yake na mayai ya chini hayaguswi. Nguzo zikilegea, uzito wote unashuka kwenye maganda.

Zimevunjika trei za chini, za juu ni nzima

Hili ni tatizo linaloripotiwa mara nyingi. Mayai yanakuwa yamebonyea au kusagika upande wa juu, na ute umejaa kwenye vishimo. Huo ni mgandamizo: yai limelemewa, halikugongwa.

Sababu ya kwanza ni trei za karatasi zilizochoka. Trei ya karatasi ikitumika mara kadhaa nguzo zake hulainika, na ikinyonya unyevu hulainika upesi zaidi. Ichukue trei tupu, bonyeza nguzo ya katikati kwa kidole gumba. Ikirudi juu, inafaa. Ikibaki imebonyea, au trei ikipinda katikati unapoishika kwa ncha mbili, usiitumie safarini hata kama inaonekana safi. Inaweza kubaki dukani ya kupangia mayai ya kuuza, lakini isibebe mzigo. Ukikosa trei mpya za kutosha kwa fungu zima, weka mpya tatu chini na zilizotumika juu, kwa sababu trei ya chini kabisa inabeba kilo tisa hivi juu yake wakati ya juu haibebi kitu.

Unyevu unastahili tahadhari ya pekee. Mayai yaliyotoka kwenye friji yakikutana na joto la nje hutoa jasho, na jasho hilo linaingia kwenye trei. Vivyo hivyo kwa mayai yaliyooshwa na kupangwa kabla hayajakauka. Yatoe kwenye friji mapema, yaache yafikie joto la chumba na kukauka, ndipo uyapange. Kuosha ni bora kuachana nako kabisa: ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu kupenya, na maji huuondoa. Uchafu mkavu ufutwe kwa kitambaa kikavu au brashi laini.

Sababu ya pili ni mpangilio. Trei mbili zenye mayai zikiwekwa zikiwa zimeelekea upande mmoja, ya juu huzama kwenye ya chini na vitako vya vishimo vyake vinagusa mayai. Kila trei lazima igeuzwe robo ya mzunguko ukilinganisha na iliyo chini yake. Trei ya mayai 30 ina safu sita kwa tano, kwa hiyo ni rahisi kukagua: tazama fungu kutoka ubavuni na uhesabu mayai ya pembeni. Ukiona sita, tano, sita, tano, umepanga sawa. Ukiona sita, sita, kuna iliyosahaulika, na fungu lenyewe litakuwa fupi mahali hapo.

Sababu ya tatu ni mayai makubwa, hasa ya kiini pacha na ya kuku waliozeeka kwenye utagaji. Weka trei tupu juu ya trei iliyojaa, ukiwa umeigeuza, kisha iguse pembe moja moja. Ikiyumba, kuna yai lililosimama juu kuliko nguzo. Litoe. Mayai ya namna hiyo yauzwe hapo hapo karibu, au yapangwe kwenye trei ya juu kabisa na kufunikwa kwa trei tupu mbili badala ya moja.

Kuna pia watu wanaopanga trei kumi au kumi na mbili kwa fungu moja ili kuokoa kamba. Kwenye lami laini fungu hilo huweza kufika salama. Kwenye barabara ya mashimo, gari likiruka na kutua, uzito unaoziangukia trei za chini unakuwa mkubwa kuliko ule wa kwenye mzani. Ndiyo maana tunasimama kwenye trei sita.

Ukishakagua hayo yote na bado trei za chini zinavunjika, basi kuna mtu anayeweka mzigo juu ya mayai njiani. Kuandika "MAYAI" kwa kalamu nene hakutoshi. Piga picha fungu linapoingia kwenye buti, mpe utingo maelezo kwa mdomo, na umwombe aliyepo Ifakara apige picha nyingine kabla halijatolewa. Picha mbili humaliza ubishi.

Yamevunjika pembeni, au kona moja tu

Kamba ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mpira wa tyubu unaotumika kufungia mizigo ya pikipiki una nguvu sana, na ukivutwa juu ya ukingo wa trei ya karatasi unaukata na kuingia hadi kwenye yai. Dalili yake ni mstari wa mayai yaliyovunjika unaofuata mapito ya kamba, tena hurudiwa kwenye trei kadhaa mahali pale pale.

Suluhisho ni vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 6, kila kimoja sentimita 32 kwa 32, yaani kinazidi trei kidogo kila upande. Kimoja kinakaa chini ya fungu na kingine juu ya trei tupu ya kufunikia. Kamba inashika mbao na haigusi trei. Chonga kwa msumeno pengo dogo katikati ya kila upande wa ubao ili kamba isiteleze. Kamba ya manila inafaa kwa kufunga fungu lenyewe kwa msalaba. Mpira wa tyubu ubaki kazi yake ya kulishikisha fungu kwenye keria. Mkazo unaofaa ni huu: kidole kimoja kipite chini ya kamba kwa shida, na ukiinua fungu kwa kushika ubao wa juu, trei zisiteleze moja juu ya nyingine.

Kama mayai ya kona moja ndiyo yaliyopigwa, na ufa una matawi yanayotoka sehemu moja, hilo ni pigo. Fungu liligonga chuma cha buti au lilitua kwa kona lilipokuwa likishushwa. Ziba pengo kati ya fungu na ukuta wa buti kwa gunia lililojazwa maranda au nguo kuukuu. Kwa safari mbaya, liingize fungu kwenye boksi gumu lenye nafasi ya sentimita tatu kila upande na ujaze nafasi hiyo pumba za mpunga. Pumba zishindiliwe kwa mkono hadi boksi likitikiswa fungu lisicheze. Zikiwekwa kilegelege hushuka chini njiani na kuacha pengo juu.

Imevunjika trei ya juu, zilizo chini ni salama

Mayai yamerushwa. Kila gari likiingia kwenye shimo, yai lisilo na kitu juu yake linaruka kidogo na kurudi kwenye kishimo. Kinachokosekana ni trei tupu ya kufunikia, au ipo lakini kamba imelegea. Kamba iliyokaza vizuri asubuhi hulegea baada ya mwendo mfupi kwa sababu trei hujikalia na fungu kupungua kimo. Mwenye bodaboda asimame baada ya kilomita mbili au tatu za kwanza na kukaza upya.

Angalia pia mayai yenyewe yamesimamaje. Ncha nyembamba iwe chini, upande mnene juu, ambako ndiko kuna nafasi ya hewa. Yai lililolala kiubavu hubebwa na sehemu dhaifu ya ganda lake, na huzunguka likigonga ukuta wa kishimo. Mayai madogo sana, hasa ya kienyeji, hucheza kwenye vishimo vya trei za kawaida hata yakisimamishwa sawa. Kwa hayo, weka kipande cha karatasi ya gazeti kilichokunjwa chini ya kila yai hadi likae bila kutikisika.

Nyufa nyembamba zimetapakaa kila trei

Hapa hakuna kilichomwagika. Mayai yanaonekana mazima hadi mteja anapoyachukua na kuona mstari mwembamba kama unywele. Ili kuyabaini, ingia chumba chenye giza na umulike kila yai kwa tochi ya simu upande mnene: ufa huonekana kama mstari wa mwanga. Njia ya haraka zaidi ni kugonganisha mayai mawili taratibu. Mazima hutoa mlio mkali. Lenye ufa hutoa mlio mfu.

Sababu iliyo ya kawaida zaidi ni mahali mzigo ulipokaa kwenye chombo. Sehemu inayoruka sana kwenye basi ni ile iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inayotulia ni ile ya katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kwenye mabasi makubwa yenye injini nyuma ndiko mabuti mengi yaliko. Omba buti la katikati, na fungu likae sakafuni. Kwenye Kosta, buti la nyuma ni baya kwa mayai. Heri kulipia nafasi ya sakafu mbele, mbali na joto la injini. Juu ya keria ya paa usikubali kamwe, hata kwa bei ya nusu.

Kwenye pikipiki kanuni ni ile ile. Keria iliyochomoza nyuma ya gurudumu hurusha mzigo kuliko kiti. Fungu la kwanza likae kwenye sehemu ya abiria, limsogelee dereva, na la pili nyuma yake. Chini ya kila fungu weka kipande cha godoro la sponji chenye unene wa sentimita tano. Sponji iliyochakaa hadi ikabonyezwa kwa vidole viwili na kukutana haifanyi kazi tena. Kuhusu mwendo, kwenye rasta na mawe dereva akae karibu na kilomita 30 kwa saa au chini ya hapo, na kwenye tuta apunguze kabla ya kulifikia, si akiwa juu yake. Lipa safari kwa makubaliano ya kufika na mayai mazima. Ukimlipa kwa kuwahi, atawahi.

Kama mzigo ulikaa vizuri na mwendo ulikuwa wa taratibu, kagua pikipiki. Bonyeza kiti kwa nguvu na uachie. Ikidunda mara nyingi kabla ya kutulia, au ukiona mafuta kwenye shokapu, shokapu zimekufa. Usijaribu kuponya hali hiyo kwa kupunguza upepo wa tairi chini ya kiwango, maana mzigo wa kilo 22 juu ya tairi laini unaleta pancha na pikipiki kuyumba.

> Simama, ita fundi. Keria yenye ufa kwenye maungio, boliti iliyokatika au shokapu inayovuja isiendelee na safari kwa kufungwa kamba. Keria ichomelewe na fundi. Pia kabla ya kuondoka, ncha zote za kamba na mipira zikunjwe na kufungwa juu: ncha inayoning'inia ikiingia kwenye mnyororo au spoku, gurudumu hujifunga ghafla na dereva anaanguka.

Ikiwa chombo hakina kasoro, geukia ganda. Chukua mayai 30 kabla hayajasafiri, yamulike, na uhesabu yenye ufa. Kama tayari kuna matatu au manne, barabara haina kosa, tatizo liko bandani. Kuku wakubwa kwa umri hutaga mayai makubwa yenye ganda jembamba. Joto kali nalo hupunguza unene wa ganda, kwa kuwa kuku anayehema sana hupoteza hewa ya ukaa ambayo mwili wake unaihitaji kutengeneza ganda, na tena hula kidogo. Kuku wa mayai anahitaji gramu nne hivi za kalsiamu kwa siku. Ongeza konokono waliosagwa au chokaa ya mifugo kwenye chombo cha pembeni, kuku ale kadiri anavyohitaji, na mpe jioni, kwa sababu ganda linajengwa zaidi usiku.

> Simama, ita daktari wa mifugo au afisa ugani. Maganda yakiwa laini ghafla, yasiyo na rangi yake ya kawaida au yenye mikunjo, na utagaji ukashuka ndani ya siku chache, au kuku wakakoroma na kuharisha, usiongeze kalsiamu tu na kungoja. Mdondo na magonjwa mengine ya njia ya hewa huanza hivyo. Acha kutoa mayai na trei nje ya banda hadi wakaguliwe. Trei za karatasi zilizorudi kutoka mashamba mengine zisiingie bandani wakati wowote.

Mzigo mmoja uliokaguliwa

Tuchukue trei 12 zilizofika Lupiro na mayai 21 yameharibika. Fungu la kwanza lina mawili tu, yote yana nyufa nyembamba. Fungu la pili lina 19: kumi yamesagika kwenye trei ya chini kabisa, matano kwenye ya pili kutoka chini, na manne yana nyufa nyembamba yakiwa yametawanyika.

Mafungu yote mawili yalipanda basi moja na pikipiki moja, kwa hiyo mwendo wa dereva peke yake hauelezi tofauti ya 2 na 19. Yale 15 yaliyosagika chini ni mgandamizo. Ukitazama ubavuni, safu zinapishana vizuri, sita kwa tano. Ukibonyeza nguzo za trei ya chini, hazirudi. Karatasi imelainika na ina doa la maji lililokauka. Doa lina ukingo mmoja ulionyooka, kwa hiyo inaelekea fungu lilikaa sehemu yenye maji kabla ya yai lolote kuvunjika, iwe sakafuni stendi ya Msamvu, Morogoro, au ndani ya buti. Yale manne ya nyufa nyembamba, ukiyalinganisha na mawili ya fungu la kwanza, yanaashiria kwamba huenda fungu la pili ndilo lililokaa nyuma kwenye keria.

Marekebisho ya safari inayofuata yanakuwa mawili: plaiwudi ya chini ifungiwe nailoni ili fungu lisinyonye maji popote litakapowekwa, na keria iongezewe sponji. Nailoni ifunike chini na juu lakini ubavuni pabaki wazi. Fungu lililozibwa lote hutoa jasho na kulainisha trei kutoka ndani.

Yaliyovunjika yatenganishwe mapema. Yai lenye ufa ambalo utando wa ndani haujachanika na halivuji lipikwe siku hiyo hiyo hadi kiini kigande kabisa. Linalovuja litupwe. Mayai mazima yaliyolowa ute yafutwe, yauzwe kwanza, na trei iliyolowa isirudi kazini.

Mayai ni mazima, lakini hayatotoi

Hili huwapata wanaosafirisha mayai ya kutotolea. Mtikisiko unaweza kulegeza nafasi ya hewa ndani ya yai bila kugusa ganda. Mulika upande mnene na uliinamishe yai taratibu: kivuli cha nafasi ya hewa kikitembea badala ya kubaki mahali pake, imelegea. Yakifika, yapumzishe yakiwa yamesimama, upande mnene juu, kwa saa 12 hadi 24 kwenye chumba chenye ubaridi kabla ya kuyaingiza kwenye mashine au kumwekea kuku. Yale ambayo bado nafasi yake inatembea baada ya hapo yawekwe yamesimama na yasigeuzwe siku mbili za kwanza. Baadhi hutulia na kutotoa, mengine hayatapona. Mayai ya kutotolea yasiwekwe karibu na injini hata kwa mwendo mfupi, maana joto likizidi kiinitete huanza kukua njiani na kufa kinapopoa.